Laptopu haijui kwamba unanunua bando

Nyumbani Uyole, Mbeya, sina intaneti ya waya. Kazi zote za laptopu nazifanya kwa hotispoti ya simu, tena kwa bando la kawaida la GB 2 la wiki. Limenitosha baada ya kuelewa jambo moja: Windows ikiona waifai hudhani iko ofisini, ambako data hailipiwi kwa MB. Hapo huanza kujivutia masasisho, kupakia mafaili ya OneDrive na kusasisha programu za Store, yote bila kuuliza.

Nilipima. Kwenye Windows 11 nilifungua `Settings`, nikaenda `Network & internet`, kisha `Advanced network settings`, kisha `Data usage`, nikabonyeza `Reset stats`. Niliiunganisha laptopu na simu, nikaiacha dakika 20 bila kugusa kitu. Ilikula MB 340. Nikaiambia Windows kwamba mtandao huu una kipimo, nikaanza kuhesabu upya, dakika 20 zilezile: MB 6. Hesabu za kwako zitakuwa tofauti, maana inategemea ni masasisho gani yanasubiri siku hiyo, ila pengo hilo huwezi kulikosa.

Kuiambia ni hivi. Washa hotispoti, unganisha laptopu, kisha fungua `Settings`, `Network & internet`, `Wi-Fi`, bonyeza sifa za mtandao uliounganishwa, washa `Metered connection`. Halafu nenda `Windows Update`, `Advanced options`, uhakikishe `Download updates over metered connections` imezimwa. Hii ya pili watu huisahau, na ikiwa imewashwa masasisho yanapita kama kawaida.

Alama hiyo ya kipimo inakaa kwenye jina la mtandao, haikai kwenye laptopu nzima. Ukibadilisha jina la hotispoti, au ukiazima simu ya mdogo wako, Windows inaona mtandao mpya na kuanza kula tena. Ndiyo maana jina la hotispoti yangu sijaligusa tangu nililipoweka. Anayependa kuandika amri kwenye Command Prompt anaweza kuangalia hivi, akiweka jina lake badala ya langu:

```
netsh wlan show profile name="UYOLE-2"
netsh wlan set profileparameter name="UYOLE-2" cost=Fixed
```

Amri ya kwanza, karibu na mwisho wa majibu yake, inaonyesha mstari wa `Cost`. Ukikuta `Unrestricted`, laptopu bado inajiona iko huru. Amri ya pili inarekebisha.

Mtego uliokula bando langu zaidi ni waya wa USB. Umeme ukikatika, waifai ya simu humaliza betri haraka, hasa mahali ambapo mnara uko mbali na simu inalazimika kutuma kwa nguvu. Ukishuka Tukuyu kuna mabonde ambayo simu huwa ya moto mkononi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo watu huchomeka waya na kuwasha `USB tethering`, simu ikachajiwa na laptopu huku ikitoa intaneti. Ni njia nzuri, inaokoa betri ya simu, ingawa betri ya laptopu ndiyo inayolipa. Tatizo ni kwamba kwa njia hii Windows haioni waifai tena, inaona `Ethernet`, na ile alama uliyoiweka kwenye waifai haipo huku. Inabidi uingie `Network & internet`, `Ethernet`, uwashe `Metered connection` mara ya pili. Kuna simu ambazo kila ukichomeka waya zinajitambulisha kwa anwani mpya, kwa hiyo laptopu inaandika `Network 2`, kesho `Network 3`, na alama inapotea kila siku. Ukiona namba hizo zinapanda, rudi kwenye waifai, au ukubali kuangalia alama kila unapochomeka.

Upande wa simu kuna breki ya mwisho. Kwenye Android ingia kwenye matumizi ya data ya laini unayotumia, tafuta `Data warning & limit`. Onyo hukujulisha tu, lakini kikomo huzima data ya simu kabisa, na hotispoti nayo inakufa. Kikomo cha Windows, kile cha kwenye `Data usage`, hakina ubavu huo: kinapiga kelele tu huku data ikiendelea kwenda. Breki ya kweli weka kwenye simu.

Shida ni kwamba simu inahesabu kwa mwezi na bando letu ni la wiki. Nafanya hesabu ndogo kila ninaponunua. Tuseme simu inaonyesha kwamba tangu mwezi uanze nimetumia GB 6.4, nami nimenunua GB 2. Bando litakwisha karibu na 8.4. Kikomo naweka 8.2 na onyo 7.8. Ile 0.2 naiacha kwa sababu hesabu ya simu na ya mtandao hazilingani sawasawa, na ikizidi kidogo salio la kawaida linaweza kuanza kukatwa, ambalo kwa MB moja ni ghali mno ukilinganisha na bando. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye laini ya data siachi vocha. Pesa inakaa kwenye akaunti ya pesa ya simu, naitoa nikiwa nanunua bando tu.

Jioni moja ya kutuma maombi ya kazi inaonekana hivi. Kujaza fomu, kufungua barua pepe na kupakia vyeti sita vya PDF vya MB 1 hadi 2 kila kimoja kulitumia MB 95 kwa saa mbili. Hapo ukurasa wenyewe ndio ulikula zaidi ya vyeti, maana ulikuwa unakatika nikaufungua upya mara kadhaa. Usaili wa video wa saa nzima ni habari nyingine: unaweza kwenda nusu GB hadi zaidi ya GB 1, kutegemea ubora wa picha. Ukiruhusiwa kuzima kamera na pia kuficha picha za wenzako, matumizi yanashuka hadi makumi ya MB. Kuzima kamera yako peke yake hakusaidii sana, kwa sababu picha za wenzako bado zinashuka kwako.

Alama ya kipimo haizuii kila kitu. OneDrive na Windows zinaitii, lakini brauza haijali: video inayojicheza yenyewe ukurasani itakula kama kawaida, kwa hiyo punguza ubora mwenyewe hadi 360p. Programu nyingine za kuhifadhi mafaili nazo huwa na kitufe chao cha kusimamisha. Ukihisi kuna kitu kinakula, bonyeza `Ctrl+Shift+Esc`, panga safu ya `Network` kuanzia kubwa, jina la mlaji litakaa juu.

Masasisho uliyoyazuia hayafutiki, yanasubiri, na ya usalama yana maana yake. Mara moja kwa mwezi naipeleka laptopu mahali penye waifai isiyo ya bando, naiacha saa moja au mbili ikiwa kwenye chaji, inashusha yote. Huko alama ya kipimo siiwashi. Nikirudi Uyole jina la hotispoti ni lilelile, na laptopu inakumbuka yenyewe.