Nilivyofanya picha za mikoba yangu yote zitoke na mwanga wa rangi moja

Nauza mikoba ya ukindu yenye mikanda ya ngozi, na katalogi yangu ilikuwa inanikera. Bakgraundi ni ileile ya krimu lakini mkoba huu umekaa njano, unaofuata una ubuluu kama umepigwa alfajiri. Mtu mmoja wa matangazo akaniambia we andika tu "mwanga wa joto", wapiga picha wenyewe wanaelewa. Ushauri mbovu kabisa.

Maana watu watatu walinipigia kwa maneno hayohayo na kila mmoja akaja na lake. Mdogo wangu kaweka balbu ya njano ya 2700K, hiyo K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, kamera ikiwa AWB, yani inajirekebishia rangi yenyewe, sasa AWB kazi yake ni kuifuta hiyo njano, ikawa inaifuta nusu hapa, robo pale, kutegemea na mkoba uliopo mbele, ule uliotiwa rangi ya buluu ukaivuta bakgraundi kuwa njano na ule wa ngozi nyingi ukaisukuma kwenye ubaridi. Kaka wa pili alikuwa na taa za 5600K, akasema joto ndiyo 3000K, akaiseti kamera 3000, picha zote buluu! Na hakuwa mjinga jamani, balbu ya 3000K kweli ni ya njano, ila ukiiandika hiyo 3000 kwenye kamera unaiambia "mwanga uliopo ni wa njano, urekebishe", nayo inaongeza buluu. Yani namba kwenye boksi la taa na namba kwenye kamera zinavuta pande tofauti. Wa tatu alipiga vizuri tu, halafu akawa anasogeza slaida ya Temp, ile ya njano na buluu kwenye programu ya kuhariri, kwa macho, picha moja moja, usiku, simu ikiwa kwenye ile modi ya kupunguza mwanga wa buluu. Hizo hata sizielezei.

Nikaacha kabisa kuandika joto na baridi. Maelezo ninayotuma sasa hivi ni haya, na nayapenda kweli:

"Taa zote ziwe LED za 5600K za aina moja. Dirisha lizibwe, taa ya dari izimwe. Kamera WB iwe K, 5600, usitumie AWB. Piga RAW, yani faili ghafi la kamera. Kila ukihamisha taa, picha ya kwanza iwe na kadi ya kijivu mbele ya mkoba. Kwenye Lightroom bofya kadi kwa WB Selector, kisha ongeza 400 kwenye Temp, Tint usiiguse, halafu Sync kwa picha zote za seti hiyo."

Hapo kwenye "ongeza 400" ndipo penye utamu. Mwanzo niliambiwa niandike namba moja tu, Temp 5850 kwa wote, ila ukibofya kadi kwenye picha za mpiga picha mmoja Temp inasoma 5450 na za mwingine inasoma 5200 japo maboksi yote ya taa yameandikwa 5600K, kwa hiyo 5850 kwa huyu wa pili inatoka njano zaidi. Ukisema anza na kadi halafu ongeza 400, wa kwanza anafika 5850 na wa pili 5600, na bakgraundi zinalingana. Kadi inaleta krimu ya kweli, 400 inaleta ule uvuguvugu ninaoutaka, na mteja bado anapokea mkoba wa rangi aliyoiona.

Ila hii inakubali tu kama taa zote ziko jirani kwa kelvini. Mtu akipiga na balbu ya 3000K, hiyo 400 yake inakuwa na nguvu kama mara tatu, kwa sababu huku chini kwenye namba ndogo kila hatua inabadilisha rangi sana. Ndo maana 5600K naiandika mwanzo kabisa.

Na dirisha nalisisitiza kwa sababu mwanga wa dirisha ukichanganyika na balbu, upande mmoja wa mkoba unakuwa buluu na mwingine njano, hapo hakuna Temp moja itakayokuokoa, rudi upige upya. Ukuta wa kijani nao unarudisha ukijani kwenye ukindu, mkoba ukae mbali nao.

Kadi nilipata kwa kama elfu ishirini na kitu. Ukiletewa faili na Temp inasoma 0 badala ya namba ya maelfu, umepewa JPEG, mwambie akutumie RAW. Nikizipokea nazipanga zote ndogondogo kwenye skrini moja, mikoba siitazami, natazama bakgraundi tu, ile iliyokengeuka inajitokeza yenyewe hapohapo.