Wakti au wakati: tablo tuliyochora dakani kwa bibi

Ilikuwa likizo ya semista, niko Lamu kwa bibi kule Langoni, na binamu yangu ambaye alikuwa nyuma yangu mwaka mmoja kwenye isimu akaja na daftari lake la fonolojia limejaa nyota na alama za mshangao. Mtihani uko karibu na ile nadharia ya Optimaliti ya Prince na Smolensky ya 1993, inayosema namna neno linavotamkwa huamuliwa na masharti yanayoshindana, haimuingii kabisa. Majina ya masharti ashayakariri yote, lakini mpe tablo, lile jedwali la kuyashindanisha, asome, hajui aanzie wapi.

Stima ilikuwa imepotea kwa hiyo tukakaa dakani na tochi ya simu. Bibi akapita akatwambia, "Inukeni, wanangu, wakti wa swala huo." Binamu akacheka, ati mbona bibi hasemi wakati kama watu. Nkamwambia tukirudi kuswali tunachora hiyo hiyo.

Tukaanza na Kiarabu, waqt, ile q tukaiandika k tu tusijisumbue. Hilo ndilo ingizo, linakaa kwenye kona ya juu kushoto, chini yake wanapangwa wagombea, yaani kila namna ambayo neno lingeweza kutamkwa, hata zile za ajabu. Juu yanakaa masharti, na haya ni ya aina mbili zinazovutana. Kuna ya uaminifu, yanataka kitokacho mdomoni kifanane na ingizo: MAX inasema usidondoshe sauti, DEP inasema usiongeze. Halafu kuna ya umbo, hayajali neno limetoka wapi, yanataka tu litamkike kirahisi: *C# haitaki neno liishie konsonanti na NOCODA haitaki silabi yoyote iishie konsonanti. Huwezi kuyaridhisha yote kwa waqt, lazima moja livunjwe, na lugha inachagua ni lipi kwa kuyapanga, la kushoto ndilo kubwa. Mgombea akivunja sharti anapata nyota kwenye safu yake kila anapolivunja, na kidole kinamuonyesha mshindi.

```
/wakt/    | MAX | *C# | NOCODA | DEP
  wakt    |     | *!  | *      |
  wa      | *!* |     |        |
  wakti   |     |     | *!     | *
☞ wakati  |     |     |        | **
```

Binamu akaanza kuhesabu nyota, akasema wakati ana mbili na wakti pia ana mbili, sasa huyu ameshindaje? Hapo ndipo nilipoona shida yake, alikuwa anajumlisha, na tablo haijumlishwi. Unaisoma safu moja moja kutoka kushoto, mwenye nyota nyingi kuliko mwenzake kwenye safu hiyo anatoka, unamuwekea alama ya mshangao pale alipofia, na yanayomfuata kulia hayana maana tena kwake. Wa anafia MAX, wakt anafia *C#, wakti anafia NOCODA, akabaki wakati peke yake, na hata angekuwa na nyota kumi kwenye DEP angeshinda tu manake hakuna aliyebaki wa kushindana naye. (MAX na *C# hata ukizibadilisha nafasi mshindi ni yule yule, ndiyo maana vitabuni kati yake wangeweka mstari wa vitone.)

Sasa wakti ya bibi. Nkamwambia hamisha DEP iwe mbele ya NOCODA, basi, usiguse kingine. Akafanya: wakt na wa wanakufa pale pale, halafu kwenye DEP wakati ana mbili na wakti ana moja, wakati katoka. Alinyamaza kidogo akasema kumbe bibi hajakosea, ana masharti yale yale ila kayapanga vingine. Ndiyo hivo.

Lakini huyu mtoto ana kichwa, akaangalia jalada akauliza na daftari je, hiyo f si imefunga silabi? Kwa tablo ya kwanza ilitakiwa tuseme dafatari. Na ni kweli, mtu mmoja anasema wakati na daftari kinywa kimoja, mpangilio mmoja hauzai yote mawili. Wapo wanaosema maneno ya mkopo yana matabaka, kila tabaka na mpangilio wake, mimi naona inafanya kazi lakini ni bei ghali.

Akasema basi hii nadharia ukitaka chochote unahamisha tu safu. Nkamwambia ongeza mgombea wakatini, kama neno zima si kama mahali, kisha nitafutie mpangilio atakaoshinda. Alihangaika na zile safu mpaka bibi akaita chakula. Hauko mpangilio huo, manake kwenye DEP wakatini ana nyota nne na yule wakati ana mbili, na kwengine kote wako sawa, sasa hata uzipange safu vipi hana anapomzidi mwenzake.