Vocha ya dola, akaunti ya dola, na bado ikakataliwa

Dada yangu, anayeishi nchi nyingine, alininunulia vocha ya dola 50 ya duka la michezo na programu. Alikwangua, akapiga picha namba na kunitumia. Akaunti yangu katika duka hilo huonyesha bei kwa dola, na salio langu limeandikwa kwa dola, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi wowote. Nikaingiza namba zile herufi kwa herufi. Skrini ikajibu `This code is not valid for your region`.

Ujumbe huo ulinieleza mengi kuliko nilivyotarajia. Duka lina majibu tofauti kwa matatizo tofauti, na yanafaa kusomwa neno kwa neno kabla ya kufanya lolote. Ukikosea herufi moja, kwa mfano ukaweka O mahali pa sifuri, utaambiwa namba si sahihi. Kama vocha imeshatumika, utaambiwa imetumika. Kama mwenye duka alisahau kuiwasha kwenye kaunta wakati wa kuiuza, utaambiwa haijawashwa, na hapo dawa ni risiti na kurudi kwa muuzaji. Mimi niliambiwa habari ya eneo. Maana yake mfumo uliitambua vocha, ukaona ni hai na ina pesa, lakini ukakataa kuiingiza kwenye akaunti yangu. Pesa ya dada haikuwa imepotea, na hilo lilinituliza.

Nikaacha kuingiza. Watu wengi hapa hurudia na kurudia wakidhani mtandao ndio mbovu, na duka likiona majaribio mengi yanayofeli hufunga kwa muda uwezo wa akaunti kuingiza vocha, kwa sababu ndivyo wezi wanavyobahatisha namba. Wala kuwasha VPN hakusaidii. Duka haliangalii umekaa wapi wakati huo. Linaangalia nchi iliyoandikwa kwenye akaunti siku ilipofunguliwa, au siku ilipobadilishwa mara ya mwisho.

Nilikwenda kwenye mipangilio ya akaunti, sehemu ya nchi. Nchi ilikuwa ni yangu, kama nilivyotegemea. Nikamwomba dada anipigie picha nyuma ya kadi, yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Yalisema inatumika kwa akaunti za Marekani pekee.

Hapa ndipo penye mtego unaowanasa watu wengi. Dola kwenye skrini yako si lazima iwe dola ya Marekani kwa maana ya duka. Maduka haya hugawanya dunia kwa nchi, halafu kila nchi hupewa sarafu ya kuonyeshea bei. Zipo nchi nyingi zisizo Marekani ambazo duka huamua kuwatoza wateja wake kwa dola, kwa sababu halikuona haja ya kuweka sarafu yao. Bei inasomeka sawasawa, alama ni ileile, lakini ni duka jingine lenye bei zake, kodi zake za serikali na mikataba yake na waliotengeneza michezo. Vocha hufungwa kwenye duka la nchi, haifungwi kwenye sarafu. Kwa yuro mambo ni yaleyale: nchi nyingi zinatumia yuro moja, na bado maduka mengine huuza vocha za yuro zinazokubalika katika nchi moja tu. Sarafu zikitofautiana angalau unashtuka mapema. Zikifanana, unanunua kwa kujiamini.

Si maduka yote yana ukali huo. Steam, kwa mfano, kwa kawaida hubadili thamani ya vocha kwenda sarafu ya pochi yako unapoiingiza. Kwa hiyo ushauri wa rafiki anayetumia duka moja unaweza kukupoteza kwenye duka jingine, hata kama yeye anasema kweli tupu.

Nikamwandikia mhudumu wa wateja. Alikuwa mtu mstaarabu, akanithibitishia kwamba vocha ni hai, haijatumika, na kwamba hawezi kuihamishia nchi nyingine. Akaniambia njia iliyopo kwao ni kubadili nchi ya akaunti. Nilimshukuru, lakini kwanza nikasoma masharti yake yote, na nafurahi nilifanya hivyo.

Salio langu lilitakiwa liwe sifuri kabisa. Nilikuwa na dola 2 na senti kadhaa, na hakuna kitu cha bei hiyo kamili, kwa hiyo ningelazimika kumwomba mhudumu aifute, yaani niitoe sadaka. Usajili wangu wa kila mwezi ulitakiwa usitishwe na muda wake uishe kwanza. Nilitakiwa nitoke kwenye kikundi cha familia, ambamo watoto wanatumia vitu nilivyonunua mimi. Na baada ya hapo duka lingedai njia ya malipo yenye anwani ya Marekani, ambayo sina. Masharti ya namna hii si ya duka langu peke yake: Apple nao wanataka salio liishe, usajili umalizike na utoke kwenye kikundi cha familia kabla ya kubadili nchi, na Google Play huruhusu kubadili mara moja tu kwa mwaka. Ukihama nchi kweli, taabu hiyo ina maana. Kwa ajili ya dola 50 ningeibomoa nyumba ili nipitishe kiti.

Kuna walionishauri nifungue akaunti ya pili, nijiandikishe kama mkazi wa Marekani, niingize vocha huko. Inawezekana kiufundi. Lakini unakuwa umetoa anwani ya uongo, na duka likiuliza uthibitisho linaweza kuifunga akaunti pamoja na kila ulichonunua ndani yake. Isitoshe, mchezo ulionunuliwa kwenye duka la nchi moja huenda usikubali nyongeza zake zilizonunuliwa kwenye duka la nchi nyingine. Nikaikataa njia hiyo.

Nikampigia dada. "Dada, vocha ni nzima, haijaliwa. Ila ni ya akaunti za Marekani, yangu haiipokei."

"Sasa mdogo wangu, tufanyeje? Dukani hawarudishi vocha iliyokwanguliwa."

"Mwanao si ana akaunti ya huko huko?"

Alikuwa nayo. Mpwa wangu aliingiza namba zile, zikakubali mara moja, na dola 50 zikaonekana kwenye salio lake. Alikuwa ameomba mchezo kwa mama yake siku nyingi, kwa hiyo dada akahesabu kwamba pesa ile ameitumia kwake. Kisha akaninunulia mimi nyingine, safari hii ya kidijitali, kutoka ukurasa wa duka lenyewe unaokuruhusu kuchagua nchi ya akaunti itakayopokea. Nilimtumia picha ya mipangilio yangu inayoonyesha jina la nchi, si alama ya sarafu, naye akalinganisha kabla ya kulipa. Nilimwomba pia asinunue kwa wachuuzi wa mitandaoni wanaoandika "dunia nzima" kwenye tangazo, maana vocha ikikataliwa huko hakuna wa kumrudia.

Ya pili ilipofika niliingiza namba taratibu. Salio likapanda kutoka dola 2 na senti zake hadi 52, na usajili wangu na kikundi cha familia vikabaki vilevile. Dada sasa, kabla ya kumnunulia mtu yeyote vocha, humwomba kwanza picha ya sehemu ya nchi kwenye akaunti yake.