Utepe uliozama gizani

Jana usiku nilifungua zawadi ya shangazi niliyokuwa nimeshaifunga, nikaanza upya. Anastaafu wiki hii, na nimemnunulia shali.

Shangazi ni mtu wa rangi zilizokolea. Sijapata kumwona amevaa waridi mpauko wala njano inayong'aa. Ndiyo maana nilichukua karatasi ya kijani iliyokolea, isiyong'aa, na utepe wa satini wa damu ya mzee. Mchana, karibu na dirisha, ulipendeza sana. Usiku niliupitia chini ya taa ya manjano, nikaona boksi moja jeusi tu. Utepe umezama!

Nilikaa nikiutazama. Kijani na damu ya mzee ni rangi zilizo mbali kabisa, lakini hizi mbili zilikuwa na uzito mmoja wa giza. Mwanga ukipungua, jicho hushindwa kutofautisha rangi na hubaki likitegemea weupe na weusi. Nikapiga picha kwa simu, nikaiondoa rangi: karatasi na utepe vikawa kijivu kilekile. Kipimo hicho nilipaswa kukifanya kabla ya kukata utepe.

Wazo la kwanza lilikuwa kuongeza utepe wa dhahabu. Nikauweka juu, nikauondoa papo hapo, kwa sababu kijani, wekundu na dhahabu vikikaa pamoja mtu huwaza Krismasi. Shangazi anaaga kazi ya miaka mingi, na ameshasema hataki makuu. Alihitaji kitu kitulivu, chenye heshima.

Hatimaye nilichagua utepe mpana wa rangi ya maziwa, sentimita 4, na juu yake, katikati, utepe mwembamba wa damu ya mzee, sentimita 1. Rangi anayoipenda imebaki, ila sasa ina mahali peupe pa kuegemea. Nyeupe kabisa niliikataa. Kando ya kijani kile ilikuwa kali mno, kama bandeji.

Boksi lina urefu wa sentimita 30, upana 20 na kimo 10. Kwa msalaba, huhesabu urefu mara mbili, upana mara mbili na kimo mara nne, yaani 140. Nikaongeza 60 za fundo na ncha, nikakata meta 2 za kila utepe. Nilizilaza pamoja na kuzifunga kama utepe mmoja, kwa fundo bapa. Fundo la kipepeo lingemfaa mpwa wangu mdogo, anayependa kuvuta na kufungua kwa kishindo.

Kisha nikazima taa kubwa, nikasimama mlangoni. Msalaba wa rangi ya maziwa ulionekana wazi. Ule mstari wa damu ya mzee niliuona niliposogea hatua mbili tatu, na hapo ndipo nilipotaka shangazi auone.