Profoma 16 mezani: faneli na paiplaini si kitu kimoja

Leo kijana mpya wa timu yetu ya mauzo amenifungulia jedwali lake, amekata tamaa kabisa. Tunauza mashine za kudurufu kwa shule binafsi za Dar es Salaam na Pwani, zile zinazochapa mitihani ya shule nzima kwa asubuhi moja. Jedwali lake lilikuwa na shule 4 kwenye hatua ya onyesho, shule 16 zilizokwisha kupewa profoma, na shule 2 zilizofika kwenye mazungumzo ya mwisho.

“Dada,” akaniambia, “kila nikitoa profoma 8, ni moja tu inayosogea mbele. Bei yetu inawakimbiza. Naomba niruhusiwe kupunguza asilimia 10.”

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu alikuwa na miadi Kimara. Lakini swali lake limenikaa kichwani mchana kutwa, maana nimewaona maofisa wengi wapya wakisoma jedwali lao hivyo hivyo, na wengine wakaacha kazi wakiamini hawajui kuuza.

Alichokuwa nacho mkononi ni paiplaini. Paiplaini ni orodha ya biashara zilizo hai leo, kila moja na jina la shule, thamani yake, hatua iliyofikia, mtu wa kuonana naye, na jambo linalofuata pamoja na tarehe yake. Biashara ikifungwa, iwe kwa kununua au kwa kukataa, inatoka kwenye orodha. Ni picha ya siku moja, na kazi yake ni kukuambia kesho asubuhi uende wapi na umpigie nani.

Faneli ni kitu kingine. Inachukua kundi zima la shule zilizoanza kipindi kimoja, inalifuata mpaka hatima yake ijulikane, kisha inahesabu ni ngapi zilivuka kila hatua na ngapi ziliachia njiani. Haijali majina. Walioshindikana wanabaki ndani yake milele, kwa sababu bila wao hakuna uwiano wa kuhesabu.

Sasa yeye alichukua picha ya siku moja, akagawanya 2 kwa 16, akadhani amepata uwiano wa kuvuka. Hesabu hiyo haitoi uwiano huo hata kidogo.

Aliporudi nikamwonyesha kumbukumbu za timu. Namba nazizungusha kidogo hapa ili hesabu ifuatike. Ofisa mmoja kwa kawaida anafikia shule mpya kama 40 kwa mwezi. Kati ya hizo, 16 zinakubali onyesho. Zilizoona onyesho, 8 zinaomba profoma. Kati ya hizo 8, shule 4 zinafika mazungumzo ya mwisho, na 2 zinanunua. Kwa hiyo katika kila profoma mbili, moja inavuka. Yeye mwenyewe, tulipopitia tarehe zake, anatoa profoma kama 8 kwa mwezi, na mwezi uliopita shule 4 ziliingia mazungumzo ya mwisho. Yuko sawasawa na wenzake.

Mbona basi picha ya leo inaonyesha 16 na 2? Kwa sababu ya muda. Profoma inalala mezani kwa wastani wa miezi 2. Zikiingia 8 kila mwezi na kila moja ikikaa miezi 2, siku yoyote utakayofungua jedwali utakuta 16. Mazungumzo ya mwisho yanachukua kama nusu mwezi; zinaingia 4 kwa mwezi, kwa hiyo utakuta 2. Onyesho linamalizika ndani ya wiki moja, ndiyo maana ameziona 4 tu ingawa 16 zinapita hapo kila mwezi. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa hesabu hii kwa foleni za kila aina: idadi ya waliomo ni kasi ya kuingia mara wastani wa muda wanaokaa. Ni sawa na benchi la zahanati. Ukikuta watu 16 wamekaa, umejua wanaingia wengi au huduma inakwenda taratibu; hujajua ni wangapi wanapona.

Tazama sasa madhara ambayo angeyapata. Mashine yetu tuseme ni shilingi 6,000,000. Asilimia 10 ni 600,000 kwa kila mashine, na angeitoa kwa shule ambazo hazijalalamika bei. Wangeipokea, wakashukuru, wakaiweka ile profoma mpya kwenye faili lile lile ikaendelea kulala.

Maana kinachoilaza tunakijua. Anayetaka mashine ni mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma, yeye ndiye aliyechoka kukimbia mjini na karatasi za mitihani. Anayepokea profoma ni mhasibu. Anayesaini ni mkurugenzi mwenye shule, na katika shule nyingine lazima kwanza bodi ikae, nayo inaweza kukaa mara moja tu kwa muhula. Fedha yenyewe inapatikana ada zikishaingia, yaani Januari na Julai. Nimempigia leo mhasibu mmoja kati ya zile 16, kijana akiwa pembeni yangu anasikiliza. Akajibu kwa upole: “Profoma yenu ipo kwenye faili, mkurugenzi yupo safari.” Nikamwuliza tarehe ya profoma aliyonayo. Ilikuwa imeshapita siku 30 za uhalali zilizoandikwa chini yake, kwa hiyo hata mkurugenzi akirudi kesho, kuna karatasi nyingine ya kuandika kabla hajasaini. Bei haikutajwa.

Kwa hiyo dawa ni kubadilisha wakati wa kuandika profoma. Kabla ya kuiandika unauliza mambo matatu: nani anasaini, anasaini lini au bodi inakaa lini, na fedha inatoka kwenye ada ya muhula upi. Shule isiyoweza kujibu ibaki kwenye hatua ya onyesho, uendelee kuitembelea. Ukifanya hivyo hatua ya profoma itapungua sana, jedwali litaonekana jembamba, na msimamizi asiyeelewa anaweza kushtuka. Mauzo hayatapungua. Kilichopungua ni usingizi.

Kuna upande wa pili, nao unanitia wasiwasi zaidi kwa sababu haumhuzunishi mtu, unamfurahisha. Profoma 16 kwa shilingi 6,000,000 ni shilingi 96,000,000. Tageti ya mwezi ni mashine 2, shilingi 12,000,000. Ofisa mpya anajumlisha, anaona ana mara 8 ya tageti, anapumzika kutafuta shule mpya ili “azifunge hizi kwanza”. Lakini faneli inasema katika profoma 4 inanunua moja. Zile 16 ni mashine 4, na zitakuja kwa muda wa miezi 2, yaani 2 kwa mwezi. Mlima wote ule wa milioni 96 unatosha tageti tu, haubakishi kitu. Na akisimama kutafuta shule mpya, hatahisi chochote mwezi huu wala ujao, maana anakula kazi ya miezi iliyopita. Ukame unakuja baadaye, wakati ameshasahau ulianzia wapi, na hapo ndipo lawama zinahamia kwenye bei, kwenye bidhaa, kwenye bahati.

Ndiyo maana nataka ofisa mpya aanze siku yake na paiplaini lakini apange wiki yake kwa faneli. Mashine 2 zinadai shule mpya 40 kwa mwezi, yaani 10 kila wiki, hata wiki ile ambayo paiplaini imejaa mpaka inamwagika. Hasa wiki hiyo.

Tukarudi kwenye zile 16, moja baada ya nyingine. Kumbe 6 zilikuwa na zaidi ya miezi 3, hazina tarehe ya jambo linalofuata, na mara ya mwisho kuzungumza nao jibu lilikuwa lile lile la mkurugenzi kusafiri. Ile robo ya kununua ni ya kundi zima lililotoka kupewa profoma. Haibaki robo kwa shule iliyonyamaza miezi 3, na hakuna shule moja inayonunua robo ya mashine. Nikamwambia awapigie wote 6 swali moja la wazi: tuendelee au tufunge faili? Anayetoa tarehe anabaki. Asiyetoa anatoka kwenye paiplaini, na ile milioni 6 yake inatoka kwenye jumla.

Hapo alitaka kufuta mistari yao kabisa. Nilimzuia. Kwenye paiplaini zinatoka, lakini kwenye kumbukumbu zinaandikwa “imepotea”, tarehe, na sababu kwa maneno machache. Ukizifuta, profoma 8 za mwezi ule zitaonekana zilikuwa 5, na mauzo 2 kati ya 5 ni asilimia 40 badala ya 25. Mwezi unaofuata utapanga shule chache kwa kuamini unafunga vizuri kuliko ulivyo. Kusafisha paiplaini ni kazi njema, ila ukisafisha na faneli kwa ufagio huo huo umejidanganya.

Kosa la kinyume pia lipo. Ukichukua kundi la mwezi uliopita leo, utakuta profoma 8 na mauzo sifuri, ukasema uwiano umeporomoka. Haujaporomoka. Kundi hilo halijaiva, nyingi bado ziko hai mezani. Kwa biashara yetu inayochukua zaidi ya miezi 2 tangu profoma hadi malipo, kundi lenye umri chini ya miezi 4 sihesabu uwiano wake wa mwisho.

Na yeye mwenyewe bado hana uwiano wake. Ameuza mashine chache mno. Moja ikiongezeka au ikipungua, asilimia yake inaruka juu au inaanguka, na hilo halisemi lolote kuhusu uwezo wake. Kwa sasa ataazima uwiano wa timu, huku akiandika wake kila mwezi pembeni. Tofauti ikianza kuonekana miezi mingi mfululizo kwenye hatua ile ile, kwa mfano maonyesho mengi na profoma chache, tutakwenda naye shuleni nimwangalie anavyoonyesha mashine. Kabla ya hapo sitamgusa.

Ombi la kupunguza bei nimelikataa. Orodha ya kesho ina wahasibu 6 wa kupigiwa kabla ya saa nne, halafu shule mpya za Goba na Mbezi ambazo hakuna kati yetu aliyewahi kuzibishia hodi.