Bagamojo, Udjidji, Asisi: nilivyosawazisha majina ya daftari la Kijerumani

Mwaka jana mimi na wenzangu wawili tulimaliza kunukuu daftari la hati za uhuru, lililoandikwa na makarani wa Kijerumani katika bandari moja ya mwambao wetu. Wajerumani hawakuufuta utumwa katika koloni lao. Ulikuja kufutwa kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922. Walichofanya ni kutoa hati kwa mtu mmoja mmoja, na kila hati ikaingizwa daftarini: jina la aliyeachwa huru, asili yake, jina la bwana wake na mji wao. Tulipata mistari 1,900 hivi.

Nilipoipanga safu ya majina kwa alfabeti nikaona kazi iliyobaki. Juma mmoja alikuwa na sura nne: Djuma, Dschuma, Juma na Jumah. Bagamoyo ilikuwa Bagamojo, Ujiji ilikuwa Udjidji. Hamisi alikuwa Chamis ukurasa huu na Khamis ukurasa ule. Mtu akija kumtafuta babu wa babu yake kwa jina alilolisikia nyumbani, hampati, ingawa jina limo.

Kabla ya yote niliongeza safu mpya. Safu ya kwanza ni jina kama karani alivyoliandika, herufi kwa herufi, na hiyo haiguswi. Ya pili ni jina sanifu. Ya tatu ni njia iliyotumika kulipata: kwa kanuni, kwa ukaribu wa herufi au kwa jicho la mtu. Safu hiyo ya tatu ndiyo iliyoniokoa baadaye, maana kila nilipogundua kosa niliweza kurudi kwenye mistari yote iliyopita njia ileile.

Kisha nikatengeneza orodha ya marejeo, yaani majina sahihi ambayo kila kitu kitalinganishwa nayo. Nilifanya mbili, moja ya watu na moja ya mahali, wala sikuzichanganya. Ya mahali ilikuwa na safu ya majina ya zamani, kwa sababu hakuna hesabu ya herufi itakayokuambia kwamba Wilhelmstal ndiyo Lushoto, kwamba Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga na Wiedhafen ni Manda. Haya lazima yaandikwe kwa mkono, moja baada ya jingine. Kamusi ya makoloni ya Kijerumani iliyochapwa mwaka 1920 ilinisaidia sana, maana inaorodhesha miji kwa tahajia ileile waliyoitumia makarani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia kulinganisha. Tahajia ya Kijerumani si fujo, ina utaratibu wake: *j* yao ni *y* yetu, *sch* ni *sh*, *tsch* ni *ch*, *dj* na *dsch* ni *j*, na *ss* ni *s*. Kwa hiyo Aruscha, Moschi na Tschole hazihitaji kukadiriwa, zinahitaji kusomwa. Nikaandika kanuni moja moja, nikaziendesha kwa mfuatano, na Ujiji ikatoka "Uyiyi", Juma akawa "Yuma". Nilitazama kioo kwa muda kabla sijaelewa. Kanuni ya *dj* ilikuwa imegeuza Udjidji kuwa Ujiji sawasawa, halafu kanuni ya *j* iliyofuata ikaikuta ile *j* mpya na kuigeuza tena. Dawa yake ni kupita neno mara moja tu, na kuanza na vikundi virefu:

```python
import re
KANUNI = {"dsch": "j", "tsch": "ch", "sch": "sh",
          "dj": "j", "ch": "kh", "ss": "s", "j": "y"}
refu = sorted(KANUNI, key=len, reverse=True)
pata = re.compile("|".join(refu))

def lainisha(neno):
    return pata.sub(lambda m: KANUNI[m.group()], neno.lower())
```

Bado kulikuwa na mtego mmoja. Makarani hawakuwa wa aina moja. Kuna aliyeandika Kiswahili kwa tahajia ya wamisionari, na huyo aliandika Juma kwa *j* yetu. Ukimpitisha kwenye kanuni hizi unamharibu. Basi kila jina nililijaribu mara mbili, likiwa kama lilivyo na likiwa limelainishwa, nikachukua sura iliyokaribiana zaidi na orodha. Orodha yenyewe haipitishwi kwenye kanuni za Kijerumani hata kidogo, la sivyo Chole yako itakuwa "Khole".

Hapo ndipo kulinganisha kwa ukaribu kulipoanza kuwa na maana. Nilitumia maktaba ya Python iitwayo `rapidfuzz`. Kwanza nilichagua kipimo cha Jaro-Winkler, kwa kuwa kinasifiwa kwa majina ya watu. Kipimo hiki kinayapa alama za ziada maneno yanayofanana mwanzo. Kwa majina yetu hilo ni balaa, kwa sababu Mwanaidi, Mwanaisha, Mwanajuma na Mwanahamisi wote wanaanza sawa. Mwanaidi na Mwanaisha, wanawake wawili tofauti, walipata 0.88. Muansa na Mwanza, mji mmoja, zikapata 0.80. Nikakiacha, nikahamia `fuzz.ratio`, ambacho alama zake ni 0 hadi 100 na hakijali sana tofauti iko sehemu gani ya neno.

Sasa swali likawa: alama ngapi zinatosha? Nilitaka namba moja, tuseme 80, juu yake nikubali na chini yake nikatae. Majina yakanikatalia. Salim na Salum wanapata 80 kamili, na ni majina mawili. Asisi na Azizi wanapata 60, na ni jina moja. Namba yoyote itakayomwingiza Azizi itawaunganisha Salim na Salum kwanza. Sababu ni kwamba kipimo hakijui kuwa *s* ya Mjerumani mara nyingi ni *z* yetu, kama alivyoiandika Sansibar. Kwake kila herufi ni ngeni sawa na nyingine.

Kwa hiyo niliacha kutafuta namba nikatengeneza ufunguo. Kila jina, la daftari na la orodha pia, lilipewa nakala ya kulinganishia tu: *z* inakuwa *s*, *kh* inakuwa *h*, vokali mbili zinazofanana zinakuwa moja. Ufunguo hauonyeshwi kwa msomaji wala hauhifadhiwi kama tahajia. Kwa ufunguo, Asisi na Azizi ni 100. Muansa na Mwanza, zilizokuwa 67 kwa kipimo hikihiki, zikapanda hadi 83, huku Mwanaidi na Mwanaisha wakibaki 71 palepale walipokuwa.

Lakini ufunguo unafungua na mlango usioutaka. Saidi na Zaidi sasa ni kitu kimoja. Nilifikiria jinsi ya kuyajua mapema maangamizi ya namna hii, nikafanya jambo ambalo leo nalifanya kabla ya jingine lolote: niliilinganisha orodha ya marejeo na yenyewe. Kila jozi ya majina sanifu iliyopata 80 na kuendelea niliitoa pembeni. Salim na Salum wakatokea, Saidi na Zaidi wakatokea, na upande wa asili zikatokea Unyamwezi na Mnyamwezi kwa 89, nchi na mtu wake. Jozi hizo nikaziwekea alama kwamba kompyuta haina ruhusa ya kuziamulia. Unyamwezi na Mnyamwezi niliwamaliza kwa kuangalia safu. Hao wengine walihitaji mtu.

Nikaenda na karatasi yangu kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu, anayesoma hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Lete nione."

Alipitisha kidole kwenye jozi zile, akasimama kwenye Salim na Salum. "Hawa usinichanganyie," akasema. "Nyumba moja huwa na Salim na Salum, kaka na mdogo wake. Kwa Kiarabu hawaandikwi sawa. Huyu ana alifu baada ya sini, huyu hana."

Nikamwuliza juu ya Mabruk na Mabruki. Akatikisa mkono. "Huyo mmoja. Hiyo *i* ni ulimi wetu tu."

Kutoka hapo utaratibu ukatulia. Jina likifanana na orodha moja kwa moja, au baada ya kulainishwa, linaingia lenyewe. Yanayobaki yanapitishwa kwenye `process.extract` kwa ufunguo, na yanarudi na mapendekezo matatu yenye alama. Hakuna pendekezo linaloingia bila mtu kubofya. Mahali sikuwa mkali sana, kwa kuwa miji ni michache na iko mbalimbali: Kiwindje, iliyolainishwa kuwa kiwinje, inaipata Kivinje kwa 86 na hakuna jina jingine karibu. Nilijizuia mahali pamoja tu. Karani akiandika "Kilwa" peke yake, jina sanifu ni Kilwa, si Kivinje wala Kisiwani. Najua makao ya wilaya ya Wajerumani yalikuwa Kivinje, lakini hilo ni langu, karani hakuliandika.

Ndani ya yale yasiyofanana na chochote kulikuwa na kundi ambalo halikuwa la tahajia hata kidogo. "Paugani" ilijitokeza mara kadhaa, zote katika kurasa za mwenzetu mmoja. Katika mwandiko wa Kijerumani wa zamani *u* na *n* ni mikwaju miwili ileile. Kinachozitofautisha ni kikombe kidogo juu ya *u*. Nilifungua picha, kikombe hakikuwepo. Karani aliandika Pangani vizuri kabisa, sisi ndio tuliosoma vibaya. Kosa kama hilo halisawazishwi kwenye safu ya pili. Linarekebishwa kwenye safu ya kwanza, kwa sababu pale tumemsingizia karani. Tangu hapo, kila jina lenye *u* au *n* ambalo likibadilishwa herufi hiyo moja linaingia kwenye orodha, nalirudia kwenye picha kabla ya kulipa jina sanifu.

Mwisho nilichukua mistari 100 kwa bahati nasibu, mwenzangu akaandika majina sanifu kutoka kwenye picha bila kuyaona yangu. Tulitofautiana sita. Minne kati ya hiyo ilikuwa *u* na *n*, mmoja ulikuwa Wajao niliyemwandikia Uyao, nchi badala ya watu. Wa sita ni mwanamume aliyeandikwa "Said", bwana wake wa Pangani. Karani yule huandika Ssalim kwa *ss* mbili, na Sansibar kwa *s* moja, kwa hiyo kwa mkono wake *s* moja ingeweza kuwa Zaidi. Lakini Wajerumani wengi waliandika Said kwa mazoea tu. Mwenzangu alisema Saidi, mimi nikasema Zaidi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ushahidi wa kumshinda mwenzake. Safu ya pili ya mstari ule ina majina yote mawili, na anayetafuta kwa lolote kati ya hayo atampata.