Wiki ya Nne: Yusufu Bado Hajajitambulisha

Wapendwa, Bwana asifiwe. Tunapoandaa mafundisho ya wiki sita juu ya msamaha kwa kikundi kidogo, wengi wetu tunakimbilia Mathayo 18 wiki ya kwanza. Mimi naiweka ya tatu. Mwenye jeraha bichi akiambiwa "saba mara sabini" siku ya kwanza, hujibu anavyotarajiwa kujibu. Utaona majibu yanakuja haraka, yote yanafanana, na hakuna anayesitasita. Kwa hiyo tunaanza na Zaburi 32, ambako sisi ndio tuliosamehewa, kisha Zaburi 55, ambako anayeumiza ni rafiki wa karibu. Filemoni anafunga wiki ya sita.

Wiki ya nne ni Mwanzo 42 hadi 45. Yusufu anawatambua ndugu zake mara tu anapowaona, lakini anajifanya mgeni. Swali la kwanza: anatafuta nini? Wengine watasema analipiza kisasi. Usiwasahihishe. Waambie wasome 37:26-27, halafu 44:33. Yuda ndiye aliyeshauri Yusufu auzwe. Sasa Yuda huyohuyo anaomba abaki mtumwa badala ya Benyamini, na akimaliza tu kusema, Yusufu anashindwa kujizuia, analia.

Swali la pili lina sehemu mbili. Yuda angemwacha Benyamini, je, Yusufu angeweza kuwasamehe? Na je, angewaamini tena? Waache wabishane, maana hapo ndipo watu wanaona kwamba unaweza kusamehe leo na kumwamini mtu tena kukachukua muda. Kiongozi aseme waziwazi kwamba anayepigwa nyumbani halazimiki kurudi kwa sababu amesamehe. Mtu akianza kusimulia mambo mazito, usimsukume amalize mbele ya wote. Mtafute faraghani baadaye.

Sala ya kumtaka kila mtu atamke "nimesamehe" siipendi, inazaa uongo mtakatifu. Wiki hii tunafunga hivi:

"Bwana, unamjua mtu ambaye kila mmoja wetu anamfikiria sasa. Anayeweza kumwachilia leo, msaidie. Asiyeweza bado, usimwache. Tupe hekima ya kujua lini tukaribie na lini tukae mbali. Amina."

Kisha kimya cha dakika moja, bila wimbo.

Wiki ya tano ni Mwanzo 50:15-21, na swali moja linatosha. Yakobo ameishi Misri miaka 17, ndugu wamekula na kutunzwa muda wote huo, lakini baba akishazikwa wanaogopa kwamba Yusufu atawageuka. Kwa nini? Uliza hivyo, kisha nyamaza. Hadi hapo kikundi kimezoea kujiona upande wa Yusufu; swali hili linawafikia walioumiza wenzao, ambao nao wameketi humohumo na kwa wiki nne hawajasema lolote.